Kipanya au Pedi: Gemu za Risasi kwa Mwenye Laptopu Peke Yake

Mpwa wangu alimaliza kidato cha sita akiwa na vidole vilivyolelewa na pedi za kibanda cha gemu cha mtaani kwao, na laptopu ya mtumba ya inchi 14 aliyonunuliwa kwa ajili ya chuo. Jumamosi moja alikuja kwangu na begi mgongoni. "Shikamoo mjomba. Nataka kuanza gemu za risasi. Nikusanye hela ninunue pedi, au nizoee hii kibodi?"

Nilimwambia afungue laptopu anionyeshe anavyocheza. Alikuwa na Half-Life 2, gemu ya kampuni ya Valve ya mwaka 2004. Ni ya zamani, lakini bado nzuri, haihitaji intaneti ukishaipakua, na laptopu isiyo na kadi ya michoro huimudu bila kuhema. Akaweka vidole vya kushoto kwenye herufi W, A, S na D, na kidole kimoja cha kulia kwenye tachipadi, kile kibao cha kutelezesha kidole chini ya kibodi. Akabonyeza W, mhusika akaanza kutembea. Akatelezesha kidole ili ageuke, na picha haikusogea. Akaachia W, picha ikageuka. Akabonyeza W tena, ikagoma tena.

"Umeona? Kibovu," akasema.

Hakikuwa kibovu. Tachipadi imetengenezwa ili isikusumbue unapoandika barua: ikihisi vitufe vya kibodi vinabonyezwa, inajizima kwa muda ili kiganja chako kisihamishe mshale bila wewe kutaka. Kwa mwandishi huo ni msaada. Kwa mchezaji wa gemu ya risasi, anayetakiwa kutembea na kugeuka kwa wakati mmoja, ni kama kufungwa mikono. Kwenye Windows unaweza kuingia kwenye mipangilio ya tachipadi, ukatafuta palipoandikwa "Touchpad sensitivity" na kuchagua "Most sensitive", na mara nyingi kizuizi hicho hulegea. Hata hivyo bado utakuwa na kibao chenye upana wa sentimeta 10 hivi, ambacho kidole kinafika ukingoni kabla hujamaliza kugeuka, huku kidole hichohicho kikitakiwa pia kufyatua. Watu wengi waliojaribu gemu hizi wakasema "hazinifai" walishindwa na tachipadi, wala si gemu. Kwa hiyo hiyo tuiweke kando. Tunachochagua ni kati ya kipanya kikishirikiana na kibodi, na pedi.

Ili uchague vizuri, lazima uelewe kwamba vitu hivi viwili havizungumzi lugha moja na gemu. Kijiti cha kulia cha pedi kinaiambia gemu ugeuke kwa kasi gani. Kipanya kinaiambia ugeuke kiasi gani. Chukulia kijiti ni bomba la maji na adui ni alama uliyochora kwenye ndoo. Unafungua bomba kidogo au sana, kisha unasubiri maji yapande, na lazima ufunge wakati uleule maji yanapogusa alama. Ukichelewa kidogo, yamepita. Unaanza kumwaga, umemwaga mno, unaongeza. Kipanya ni kikombe: unachota kiasi unachotaka na kukimimina. Mkono ukisogea sentimeta 3, macho ya mhusika yamegeuka kiasi kilekile kila mara, na mkono ukisimama, nayo yamesimama. Ndiyo maana mkono hujifunza kipanya kama unavyojifunza kufikia swichi ya taa gizani.

Watengenezaji wa gemu wanaujua ugumu huu wa kijiti, na wameuwekea dawa tangu zamani. Halo ya mwaka 2001 kwenye Xbox ya kwanza ndiyo iliyowashawishi wengi kwamba gemu ya risasi inaweza kuchezwa kwa raha kwa vijiti viwili, na sehemu ya siri yake ilikuwa msaada wa kulenga. Alama ya kulengea ikipita karibu na adui, gemu inapunguza yenyewe kasi ya kugeuka, kana kwamba mtu amekushikia bomba likaribiapo alama. Gemu nyingine zinakwenda mbali zaidi: adui akisogea, alama yako inavutwa kidogo kumfuata. Fortnite na Call of Duty: Warzone zinampa msaada huo mwenye pedi hata kwenye kompyuta, na humo mwenye pedi mzuri ni hatari kweli, hasa mkikutana karibu.

Lakini msaada huo ni uamuzi wa gemu. Haumo ndani ya pedi uliyonunua. Valorant ya kompyuta haipokei pedi kabisa. Ilipokuja kwenye PlayStation 5 na Xbox mwaka 2024, wenyewe wakaamua wachezaji wa huko wacheze peke yao, wasikutanishwe na wenye kipanya. Nadhani huo ndio ushahidi ulio wazi kuliko wote: waliotengeneza gemu inayotegemea shabaha ya kwanza hawakuona njia ya haki ya kuwaweka wenye vijiti na wenye vipanya uwanja mmoja. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtu anayetaka kununua pedi ni gemu ipi. Nilipomuuliza mpwa wangu rafiki zake wa chuo wanacheza nini, akajibu Valorant. Pedi ambayo angejinyima miezi miwili ili ainunue isingemfungulia hata mlango.

Mazoea ya W, A, S na D pamoja na kipanya hayakuwepo tangu mwanzo. Zamani wengi walicheza kwa vitufe vya mishale. Mmoja wa waliowavuta wachezaji kwenye mtindo huu ni Dennis Fong, aliyejulikana kwa jina la Thresh, ambaye mwaka 1997 alishinda mashindano ya Quake nchini Marekani na kuondoka na gari aina ya Ferrari lililokuwa mali ya John Carmack, mmoja wa waundaji wa gemu hiyo. Watu waliona anavyocheza, wakamwiga, na hadi leo gemu ya risasi ya kompyuta ukiifungua mara ya kwanza utakuta vitufe hivyo vimeshapangwa hivyo.

Hata hivyo sikutaka mpwa wangu aamini maneno yangu matupu, maana vidole vyake vilikuwa na miaka sita ya pedi. Jirani yangu ana pedi ya waya. Tukaiazima.

Kabla ya kuchezea pedi ya kuazima au ya mtumba, ipime. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika amri hii kisha Enter:

```
joy.cpl
```

Litafunguka dirisha lenye orodha ya pedi zilizochomekwa. Kama jina lina neno "Xbox" ndani yake, gemu nyingi za leo zitaielewa moja kwa moja. Kama ni jina la jumla tu, huenda gemu isiione mpaka uipitishe kwenye mipangilio ya pedi ya Steam, na ndivyo ilivyo pia kwa pedi nyingi za PlayStation. Bonyeza "Properties", kisha uondoe mikono kabisa. Utaona msalaba mdogo ndani ya kisanduku, ambao kwa kawaida ni wa kijiti cha kushoto, na mistari inayoonyesha kijiti cha kulia. Vyote vikikaa katikati vimetulia, vijiti ni vizima. Kimoja kikiegemea upande au kutetemeka, kijiti chake kimelika ndani, na kikiwa cha kulia, kwenye gemu macho ya mhusika huenda yakawa yanageuka yenyewe polepole kuelekea upande huo. Hilo ndilo linaloua pedi nyingi za mtumba, na muuzaji hawezi kulificha mbele ya dirisha hili. Nenda dukani na laptopu yako.

Ya jirani ilikuwa nzima. Mpwa wangu akakaa nayo, na kwa kutembea alikuwa mfalme: akisukuma kijiti kidogo ananyata, akisukuma chote anakimbia, jambo ambalo kitufe cha W hakiwezi kwa sababu kimebonyezwa au hakijabonyezwa, basi. Akapita vichochoro vya reli vizuri, akiwapiga askari waliosimama mbali, ingawa kila mmoja alimlia risasi nyingi. Kisha akaingia kwenye mifereji, mahali wanapoachiwa vijidege vya chuma vyenye visu vinavyozunguka, ambavyo vinakujia usoni, vinakupita na kurudi kwa nyuma. Hapo ndipo kijiti kilipomshinda. Kijidege kinampita kushoto, anasukuma kijiti hadi mwisho, picha inageuka kwa kasi yake ileile iliyopangiwa, na anapofika kimeshahamia kulia. Akaongeza kasi ya kugeuka kwenye mipangilio. Sasa anawahi kugeuka, lakini hawezi tena kumlenga askari wa mbali bila alama kumruka. Mwenye kijiti hana budi kuchagua kimoja na kukipunguza kingine, na gemu ambayo haimshiki mkono vya kutosha inamwacha hapo.

Jambo jingine nililoliona sikuwa nimelifikiria. Mtu mwenye pedi hujiegemeza nyuma. Kwenye televisheni ya inchi 43 haina shida. Kwenye laptopu ya inchi 14, ukiegemea nyuma, askari aliyesimama mwisho wa reli anakuwa mdogo kuliko punje ya mchele. Kila baada ya dakika chache mpwa wangu alikuwa anainama mbele, pedi ikiwa magotini, shingo imepinda.

Jumamosi iliyofuata alikuja na kipanya cha waya, cha kawaida kabisa, alichonunua kwa pesa pungufu sana ya bei ya pedi. Saa ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko pedi. Naliandika hili waziwazi kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Kipanya kilikuwa kinarukaruka, alama inakimbia kutoka ukuta hadi ukuta, na alikuwa anatazama chini kutafuta vitufe kila anapopigwa. Lakini karibu kila kasoro ilikuwa na sababu inayoshikika.

Kurukaruka kulitokana na meza. Chini ya kipanya kuna kijicho kinachopiga picha za mahali kilipo mara nyingi sana kila sekunde, na kwa kulinganisha picha hizo ndipo kinajua kimesogea wapi. Juu ya kioo, au juu ya kile kitambaa cha plastiki kinachong'aa ambacho nusu ya meza zetu zimefunikwa nacho, kinapoteza alama na kubahatisha. Tulikata kipande cha suruali kuukuu ya jinzi, tukakivuta juu ya kadibodi na kukibandika kwa gundi. Kurukaruka kukaisha.

Kukimbia kwa alama kulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni Windows yenyewe, ambayo kwa kawaida huongeza mwendo wa mshale kadiri unavyosogeza mkono haraka. Inasaidia kazi za ofisini, lakini inaharibu kile kikombe nilichokisema, kwa sababu sentimeta 3 za haraka si sawa tena na sentimeta 3 za polepole, na mkono haupati kitu cha kukariri. Bonyeza Windows na R tena, andika:

```
main.cpl
```

Nenda kwenye "Pointer Options" na uondoe alama kwenye "Enhance pointer precision". Gemu nyingi mpya zinalipuuza jambo hili zenyewe, lakini za zamani si zote.

Sababu ya pili ni wepesi wa kipanya ndani ya gemu, na hapa mtu mgeni hahitaji hesabu kubwa, anahitaji rula ya shule. Msimamishe mhusika mbele ya kitu unachokitambua, mlango au taa. Weka rula kando ya kipanya, kisha kisogeze kulia taratibu mpaka mhusika azunguke mzunguko mzima na mlango urudi katikati. Kwa mpwa wangu, wepesi ukiwa 3 kwenye mipangilio, mzunguko mzima ulichukua sentimeta 12. Ni kidogo mno: kosa la milimeta 1 ya mkono linapeleka alama nyuzi 3 pembeni, na askari wa mbali hana upana huo. Tulitaka mzunguko uchukue sentimeta 30, ili kugeuka nyuma kuwe sentimeta 15, urefu ambao mkono unaufikia bila kuinua kiwiko. Ukitaka kupata namba mpya, zidisha wepesi wa sasa kwa umbali uliopima, kisha gawanya kwa umbali unaoutaka: 3 mara 12 ni 36, gawanya kwa 30, unapata 1.2. Akaandika 1.2, tukapima, ikaja karibu kabisa na sentimeta 30. Kisha nikachora kwa penseli alama mbili kwenye ukingo wa meza, umbali wa sentimeta 15, na nikamwambia afanye kazi moja tu kwa dakika 10: kutoka alama hii hadi ile, ageuke nyuma na kurudi, huku akiangalia skrini peke yake.

Sentimeta 30 si sheria. Wapo wanaotumia 20, wapo wanaopita 50. Lakini wenye laptopu wana mpaka ambao wengine hawana, nao ni meza. Laptopu inakula sentimeta 33 au zaidi za upana, na kibodi yake imefungamana na skrini, huwezi kuisogeza kushoto ukaacha skrini mbele yako. Kipanya kinasukumwa mbali kulia, bega linafunguka, na baada ya saa moja linauma. Dawa ya bei ndogo ni kibodi ya nje ya kuchomeka, laptopu ikainuliwa juu ya vitabu viwili vitatu. Kuiinua kunaleta faida nyingine: laptopu nyingi hutoa joto chini na pembeni, na vidole vinavyokaa kwenye W kwa saa mbili vinalihisi. Laptopu ikipata joto mno inajipunguzia kasi yenyewe, picha zinaanza kusuasua, na mwenye kipanya anaumia zaidi ya mwenye pedi kwa sababu mkono wake unajua kabisa kwamba umeshafika ilhali macho hayajafika. Cheza ukiwa umechomeka chaja, na ukiona picha zinakwama, shusha ukubwa wa picha hadi 1280 kwa 720 kabla hujalaumu kipanya.

Kibodi ya laptopu ina udhaifu wake pia. Nyingi haziwezi kusoma kila mchanganyiko wa vitufe vitatu au vinne kwa pamoja, kwa jinsi nyaya zake zilivyopangwa ndani. Fungua "Notepad", shikilia Shift ya kushoto, W na A kwa pamoja, kisha bonyeza R. R ikitokea, salama. Isipotokea, siku moja utakuwa unakimbia upande huku unajaza risasi na bunduki haitajazwa, nawe utadhani hukubonyeza. Jaribu pia D badala ya A, na kitufe cha nafasi badala ya R. Ukikuta mchanganyiko unaogoma, hamishia kazi ile kwenye kitufe kingine ndani ya gemu. Na jambo dogo linaloudhi kuliko ukubwa wake: ukibonyeza Shift mara 5 mfululizo, Windows inakufungulia kidirisha cha "Sticky Keys" katikati ya mapambano. Kizime mapema kwenye mipangilio ya kibodi.

Kuhusu kutazama chini, kuna njia rahisi. Herufi F ina kinundu kidogo unachoweza kukipapasa. Tafuta kinundu kwa kidole cha shahada, kisha sogeza mkono mzima kitufe kimoja kushoto: shahada iko juu ya D, kidole cha kati kinapanda W, cha pete kiko A, kidogo kinafika Shift, gumba liko kwenye kitufe cha nafasi. Mpwa wangu aliacha kutazama chini baada ya siku 4 hivi.

Kuna watu ambao ningewashauri wachukue pedi bila kusita. Anayecheza kitandani au kwenye kochi kwa sababu chumba hakina meza, kipanya kitamtesa. Mwenye kifundo cha mkono kinachouma, vilevile. Aliyeamua kucheza Fortnite au Warzone tu, na mkono wake umezoea vijiti, atapata msaada wa kulenga na kuanza kufurahia siku hiyohiyo. Na anayecheza mpira na magari zaidi ya risasi, pedi itamlipa kila siku. Gari kwa kibodi linakata kona kama ng'ombe aliyefungwa kamba. Lakini kwa mgeni wa gemu za risasi mwenye meza hata ndogo na pesa ya kitu kimoja, ningesema anunue kipanya kwanza, akipe wiki mbili, ndipo afikirie pedi.

Wiki ya pili mpwa wangu alirudi kwenye mifereji ileile. Kijidege cha kwanza kilimpita kushoto. Sikuona alama ikitafuta. Niliona mkono wake ukienda mara moja na kusimama, kisha chuma kikagonga chuma na kile kitu kikaanguka majini. Cha pili kilitoka nyuma. Mkono ukateleza juu ya jinzi, kutoka alama moja ya penseli hadi nyingine, na yeye hakuwa ameziangalia.

"Mjomba," akasema bila kugeuza kichwa, "ile pedi umeshairudisha kwa jirani?"

Nilikuwa nimeshairudisha tangu Jumanne.